Hishi Amepotea

Mama mkwe wangu hawezi kusoma karatasi bila kalamu nyekundu mkononi. Hata karatasi ya maelezo iliyokuja ndani ya boksi la dawa ya kikohozi aliisahihisha kabla ya kunywa dawa yenyewe. Kwa hiyo nilipoacha andalio langu la somo juu ya meza ya chakula, nikaenda kuosha mikono, nilijitakia mwenyewe.

Niliporudi nilikuta ameshafika ukurasa wa pili. Mume wangu alikuwa amebeba sahani yake na kuhamia sebuleni. Yeye anawajua walimu wawili wa Kiingereza wakikaa meza moja.

"Mkwe," akasema mama, "hili ni andalio la somo au ratiba ya sherehe?"

"Ni andalio, Mama."

"Sarufi iko wapi?"

"Iko ndani ya mazungumzo."

Alinitazama juu ya miwani. "Ndani ya mazungumzo," akarudia, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa chumvi iko ndani ya sukari.

Mama alifundisha Kiingereza kwenye shule yetu hii hii mpaka alipostaafu. Alifundisha kwa njia aliyofundishwa yeye: kanuni ubaoni, orodha ya maneno, sentensi kumi za kutoa Kiswahili kupeleka Kiingereza, na kumi za kurudisha. Muhtasari wake ulirudufiwa mpaka herufi zikaanza kufifia, na bado kila mwanafunzi wa kidato cha pili anao. Watoto wetu wanatafsiri vizuri sana. Ukimwuliza mmoja wao kwa Kiingereza jina lake ni nani, anatazama dirishani.

Mimi nilitaka waongee. Nilikuwa nimemwomba mkuu wa idara ya lugha aniachie kidato cha pili nikifundishe kwa njia yangu, naye akanijibu kwa upole unaotisha kwamba Alhamisi angekuja kuketi nyuma ya darasa. Somo likienda vizuri, darasa ni langu mwaka mzima. Likiharibika, watoto watarudi kwenye muhtasari chini ya mwalimu mwingine, na mimi nitapewa kusimamia maktaba. Maktaba yetu ni kabati. Darasa lile nililitaka kuliko nilivyowahi kutaka gauni la harusi.

Somo lenyewe lilikuwa rahisi. Wanafunzi wangekaa wawili wawili. Mmoja ni polisi wa zamu, ana karatasi yenye sura sita nilizochora mwenyewe. Mwenzake amepotelewa na mtu, ana sura moja tu kati ya hizo sita, na haruhusiwi kuionyesha. Anaeleza kwa Kiingereza, polisi anauliza maswali, mpaka ampate aliyepotea. Mmoja anajua asichokijua mwenzake, kwa hiyo lazima waongee. Na chini nikaandika kwa herufi kubwa: KISWAHILI MARUFUKU.

"Wataongea," mama akakubali. "Lakini wataongea nini, mkwe? Mtoto hawezi kuchota kwenye ndoo usiyoijaza."

"Na ndoo iliyojaa ikikaa tu pembeni imefunikwa, Mama, inamsaidia nani?"

Akacheka, maana ana roho nzuri akishafikiwa pale penye utani. Kisha akainama, akaandika pembeni mwa andalio langu sentensi moja ndefu kwa wino mwekundu, akafunika kalamu yake.

"Ukikwama," akasema.

Sentensi ilisema: *Bibi alimwambia babu kwamba miwani yake imepotea.* Nilimshukuru kwa adabu. Moyoni nilisema sitakwama.

Alhamisi mkuu wa idara aliingia na daftari lake, akajikunja kwenye dawati la nyuma lililotengenezwa kwa watu wenye miguu mifupi. Nikampa nakala ya andalio, nikaeleza zoezi, nikagawa picha. Halafu, ili wote waone mfano, nikawaita wawili mbele.

Wa kwanza alikuwa Redio. Jina hilo alipewa na wenzake, na hakuna aliyelipinga. Redio hupata alama tatu kwa kumi kwenye tafsiri na haoni haya hata kidogo. Wa pili alikuwa Kimya, binti mrefu ambaye hupata kumi kwa kumi kila wiki, na ambaye tangu mwaka uanze sauti yake nilikuwa nimeisikia akiitikia jina wakati wa mahudhurio tu. Nilimfanya Kimya kuwa polisi, kwa sababu polisi angeweza kuanza kwa kusikiliza. Redio ndiye aliyepotelewa. Picha yake ilikuwa ya babu: mzee mwenye kofia na miwani.

Redio alisimama, akapandisha mabega, akatoa Kiingereza chake kwa sauti ya taarifa ya habari:

"*Good morning, police! Hishi is lost! Hishi is old. Hishi has a hat. Hishi has glasses!*"

Kwanza nilidhani ni ulimi umeteleza. Lakini darasa zima lilitulia, linasikiliza, hakuna aliyecheka wala kushtuka. Kimya akatazama sura zake sita. Kulikuwa na wazee wawili wenye kofia na miwani, babu na bibi, maana nilikuwa nimewachora makusudi wafanane. Akanyanyua karatasi, akaonyesha bibi kwa kidole.

"*No!*" Redio akapiga kelele. "*Hishi is not that one! Hishi is... hishi is...*" Akaniangalia kama anayeomba msaada, akavunja sheria: "Mwalimu, hishi ni babu!"

Hapo ndipo darasa lilipolipuka kwa kicheko. Nikawaambia wajaribu wawili wawili, nikapita kati ya madawati nikisikiliza. Kila kona ni hishi. Hishi ana ndevu, hishi amevaa hereni, hishi analia. Polisi walikuwa wanakamata watu wasiohusika darasa zima. Wengine wakakata tamaa, wakaanza kunong'onezana Kiswahili, na wawili pale dirishani wakaonyeshana picha tu wakamaliza kazi.

Nikafungua muhtasari wa mmoja wao, nikaona. Mstari wa nne, kwa herufi zilizofifia: *Yeye: he/she.* Kwenye karatasi ule mkwaju, kile kistari cha kulala katikati, hauna shida. Unapewa sentensi "Anasoma kitabu", unaandika *he/she*, unapata alama yako, unaendelea. Hakuna anayekuuliza nani anasoma. Watoto walikuwa wameyasoma maneno mawili kama neno moja, na kwa miaka yote ile hakuna aliyegundua, kwa sababu hakuna aliyewahi kuwasikia.

Mkuu wa idara alikuwa anaandika. Aliandika mstari, akafungua ukurasa mwingine. Niliona kabati la maktaba, na ndani yake mimi.

Nilikuwa nimekwama. Nikachukua chaki.

*Bibi alimwambia babu kwamba miwani yake imepotea.*

"Tafsirini," nikasema kwa Kiswahili, mbele ya mkaguzi wangu, chini ya marufuku yangu mwenyewe. "Na hakuna mkwaju. Atakayeandika mkwaju nitamkamata mimi."

Wakainama. Hiyo kazi waliijua. Nikaita majibu mawili ubaoni. Mmoja aliandika kwamba miwani ni *his*, mwingine kwamba ni *her*. Darasa likagawanyika papo hapo, upande wa babu na upande wa bibi, na kila upande ukadai alama.

"Nani kapata, mwalimu?"

Na ndipo sauti nisiyoizoea ikatoka mstari wa pili.

"Inategemea ni nani amepotelewa," akasema Kimya.

Watu wakageuka. Redio alikuwa wa kwanza.

"Endelea," nikasema.

"Kiswahili kinasema 'yake', basi. Kinatuachia tujue wenyewe. Kiingereza kinakataa. Lazima uchague." Kisha akasema polepole, kila neno akilishika kabla ya kuliachia: "*If he lost them, his glasses. If she lost them, her glasses.*"

Nilitaka kumbusu. Nikamwita mbele badala yake, nikambadilishia kazi na Redio, nikampa picha bila wengine kuiona. Akasimama ameikumbatia kifuani.

"*He is old*," akasema. "*He has a hat.*"

Redio akainua karatasi, kidole kikatua juu ya babu bila kusita. Darasa likapiga makofi. Nikadhani Kimya ataenda kukaa. Hakwenda.

"*He is my grandfather*," akaendelea. "*He walks very slowly. Please look for him near the market, because he likes to talk.*"

Hayo hayakuwepo kwenye picha. Alikuwa anaongea tu. Wengine wote wakarudi kwenye zoezi lao kwa fujo ya ajabu, safari hii wakikamata watu sahihi, na wakiteleza wanarekebishana wenyewe: "*He! He!* Ana ndevu, huoni?"

Kengele ilipolia mkuu wa idara alijikunjua kutoka kwenye dawati, akaja na andalio langu mkononi. Akaweka kidole kwenye wino mwekundu.

"Mwandiko huu," akasema, "ulinifelisha mara mbili."

"Pole, Mkuu."

"Nilistahili. Darasa ni lako. Lile la marufuku lifute, na hii sentensi iandike vizuri ndani ya hatua za somo, isikae pembeni kama mgeni." Akanyoosha shati, na kwa heshima ya tukio akahamia Kiingereza: "*Greet your mother-in-law. Tell him I am well.*"

Akasikia alichosema mwenyewe. Akakohoa, akatoka akitembea haraka kuliko umri wake.

Nilimkuta mama jikoni akimenya viazi. Nilimsimulia yote huku nimesimama na mkoba begani. Nilipofika kwenye hishi nilisita, maana muhtasari ni wake, lakini akang'ang'ania mpaka nikasema. Aliweka kisu chini. Kisha akacheka mpaka akavua miwani kufuta machozi.

"Hishi!" akasema. "Miaka yote ile nilikuwa nasahihisha daftari zao. Sikuwahi kuwasikia, mkwe." Kicheko kikapungua. "Na mimi hakuna aliyenisikia. Unajua sijawahi kuongea na mtu Kiingereza? Kukiandika, ndiyo. Kuongea na mtu, akanijibu, bado."

Akakausha mikono kwenye kanga.

"Zile picha zako unazo? Kaa hapo. Wewe ndiye polisi."

Nikaketi, nikampa zile sura. Akazitazama moja moja, akazipindua kifudifudi mezani. Hakutaka hata moja. Akakaa wima kama mtu aliyeitwa mbele ya darasa.

"*Good afternoon*," akasema. "*I am looking for my daughter.*"

"*What does she look like?*"

"*She is thin. She is stubborn. She comes home late and she does not eat.*" Akavuta pumzi. "*Today she was very brave. She has a bag on her shoulder.*"

Mkoba ulikuwa bado begani. Kwa kuwa sikujua nifanye nini, nikafanya kazi yangu ya ualimu.

"Mama," nikasema taratibu, "mkwe kwa Kiingereza ni *daughter-in-law*."

Akachukua kisu, akaendelea na kiazi chake.

"Najua," akasema. "Lazima uchague."