Kaimu wa Kudumu

Mume wangu alipenda vyeo kuliko alivyowahi kunipenda mimi. Tulipohamia ugenini alikaa mwaka mzima bila kazi, huku akifunga tai kila asubuhi kukaa sebuleni.

Wasifu wake wa kazi ulianza hivi: "Kaimu Msaidizi wa Mkuu wa Bohari, Daraja la Tatu B." Chini yake vifupisho vitupu, kama namba za magari. Waajiri hawakujibu.

Siku moja ghala la vifaa vya hospitali likatangaza nafasi ya msimamizi. Nililiweka tangazo mezani, nikamkalisha kando yake.

"Wanataka mtu aliyesimamia akiba ya ghala. Kule kwenye bohari yenu ya dawa, nani alikuwa anahesabu vitu?"

"Mimi."

"Nani aliagiza dawa kabla hazijaisha?"

"Mimi."

"Nani alipanga zamu za wale wafanyakazi tisa?"

"Mimi. Lakini mkuu wa bohari alikuwa mwingine."

"Alikuwa wapi?"

"Kwenye semina."

"Miaka kumi na moja?"

Nikamwambia ukweli: huku daraja la tatu B hawalijui, na wakisoma "kaimu" wanadhani umeshikilia nafasi wiki mbili, mwenyewe akiwa likizo. Cheo tulikiacha kama kilivyo, uongo hatutaki. Lakini chini yake tukaeleza bohari ilihudumia hospitali ngapi, na kila kazi iliyotajwa kwenye tangazo tukaijibu kwa maneno yale yale, pale tu alipokuwa ameifanya. Akataka tuongeze kuendesha mashine ya kunyanyulia mizigo.

"Umewahi kuiendesha?"

"Niliipanda siku ya kupiga picha."

"Toa."

Aliitwa kwenye usaili, akajibu vizuri. Kisha wakasema watampigia mkuu wake wa zamani. Usingizi ukatuhama wote wawili, maana yule bwana hajawahi kumsifu mtu asiyekuwa yeye mwenyewe. Mimi niliogopa kuliko mume wangu, kwa sababu wasifu ule nilikuwa nimeupigania.

Baada ya siku chache mkuu huyo akanipigia simu, sauti imejaa fahari.

"Shemeji, jamaa zenu wamenitafuta. Nimewaambia wazi, mumeo alikuwa kaimu tu, asijikweze."

Nikaketi, yeye akaendelea.

"Wakaniuliza nani alikuwa anaagiza, nani anapanga zamu. Wananionaje hawa? Mtu wa cheo changu na maboksi wapi na wapi? Nikawaambia bohari ile sijawahi kuikanyaga, yote alikuwa anafanya huyo huyo wako. Nadhani wamenielewa."

Walimwelewa sana. Kesho yake barua ya ajira ikaja.

Nilimpa mume wangu maneno ya mkuu neno kwa neno, nikitarajia acheke. Akafungua tai, akalia.

"Miaka kumi na moja," akasema, "nilimsubiri yule mtu aseme hivyo."