Siku Moja ya Watu Wanne

Wifi yangu Balbina akishika jambo, hata umpigie ngoma hageuki. Tangu kaka yangu Silvano afariki, shamba la mpunga kule Idete analilima yeye, heka mbili, na mgongo wake ndio unaolipia. Akitoka kuinama hushika goti kwanza, kisha kiuno, kisha ndipo anakumbuka kukusalimia. Kwa hiyo aliponiambia mwezi wa kumi na moja kwamba amepata kazi ya kukaa, sikumcheka. Nilimcheka aliponieleza kuwa ni kazi ya kuchora visanduku.

Picha zinakuja kwenye simu, barabara za nchi ambazo hatutazikanyaga, nawe unazungushia kisanduku kila gari, pikipiki na baiskeli ili kompyuta zijifunze kuvitambua. Picha moja ni senti mbili za dola, kama shilingi hamsini. Habari aliipata kwenye kundi la WhatsApp, ambako bwana mmoja hutuma kila asubuhi picha ya salio lake lilivyonona. Nikamuuliza kama huyo bwana amewahi kutuma na meseji ya pesa ikiingia kwenye simu yake. Akasema wivu nimezaliwa nao.

Kilichonitia hofu hasa ni Mabula. Huyu ana ng'ombe wa kulimia na kila mwaka hutafuta mashamba ya kukodi. Alikuwa tayari kumlipa Balbina kodi ya msimu mzima taslimu, na Balbina alikwishapanga kununulia hela hizo kompyuta ya mtumba, aachane na jembe. Sasa shamba hilo ndilo chakula cha nyumba, na ndilo linalomweka shule binti yao, Jane. Ukishapokea kodi na mvua ikashuka, humwambii mtu akurudishie. Unangoja mwaka mwingine, ukinunua mchele dukani na wewe ni mtu wa Kilombero.

Balbina si mjinga. Alisema hatakurupuka, atapima kazi siku moja nzima kabla ya kumjibu Mabula. Ila alipima kwa njia tuliyolelewa nayo: alitualika. Huku kwetu palizi ikikuelemea unaita watu, unapika, wanakulimia. Na kila aliyekuja anakudai siku yake, utamlipa kwa kwenda kumfanyia kazi kwake. Basi Jumamosi tulikuwa wanne kibarazani kwake, yeye, mimi, jirani yake Eveline, na shangazi Konsolata aliyetoka Kiberege kwa basi la alfajiri. Simu ilikuwa moja. Mmoja akichoka vidole anampa mwenzake, na simu haikupumzika mpaka jua lilipozama. Tulikula ubwabwa na kambale mpaka tukasahau tunafanya kazi ya nani.

Tulipomaliza, salio lilisoma karibu dola kumi na moja. Elfu ishirini na saba! Balbina alizidisha kwa siku za mwezi, akazidisha tena. Pembeni ya ile namba kulikuwa na neno la Kiingereza lenye maana ya kwamba kazi bado haijakaguliwa. Alisema hiyo ni taratibu tu. Siku ile ile akampigia Mabula aje Alhamisi na hela, dukani kwangu ninakoshonea, mbele ya mashahidi. Nilirudi nyumbani nimekasirika na sijui namkasirikia nani.

Lakini siku za watu hazisahauliki. Jumatatu shangazi alimtaka Kiberege kufyeka shamba. Jumanne Eveline akamtaka kusafisha mfereji. Jumatano hakuinuka kitandani, mgongo ulikuwa umegoma. Alhamisi asubuhi akaja kwangu anajikokota, anauliza siku yangu nitaitumia kwa kazi gani, maana anaijua cherehani kama anavyoijua ndege.

Nilikuwa nimeifikiria. Mimi nashona sare kwa kipande, na kipande kinadanganya sana: tajiri anakutajia bei ya shati, hakutajii muda wa kufumua kola iliyokataliwa. Nikamwambia siku yangu atanilipa kwa kukaa kwenye kiti hiki, na simu yake, peke yake, mpaka Mabula atakapofika. Asiache kuhesabu dakika yoyote, hata ya kungoja.

Akacheka, akakaa. Kwanza hapakuwa na picha. Zilikwisha, zingerudi zenyewe. Ili asikae bure akafungua dodoso lililoahidi nusu dola. Akajibu umri wake, elimu yake, ana watoto wangapi, anatumia sabuni gani, na baada ya robo saa likamshukuru na kumwambia hawamhitaji mtu wa aina yake. Hawakumlipa hata senti. Zikaja picha, akachora kwa bidii, zikakatika tena. Bando likaisha, akanunua lingine. Mimi nilikuwa napiga cherehani na simwangalii, lakini nilimsikia anavyohema.

Mchana majibu ya Jumamosi yakatoka. Zaidi ya nusu ya picha zilikuwa zimekataliwa. Tulifungua moja moja kuona kosa, na kosa lilikuwa la shangazi Konsolata. Maelekezo yalitaka kisanduku kiguse baiskeli tu, mzigo ubaki nje. Shangazi kila baiskeli aliizungushia pamoja na magunia na mikungu yake, kwa sababu kwake baiskeli isiyo na mzigo ni chuma tu, nasi wengine tukamwiga. Balbina alicheka mpaka akashika mgongo. Kisha akaacha kucheka, akaitazama ile namba iliyobaki.

"Elfu tisa," alisema. "Na tulikuwa wanne."

Aliendelea mwenyewe, polepole. Ile haikuwa siku moja. Kulikuwa na siku yake, na Kiberege, na mfereji, na hii anayokaa hapa. Siku nne kwa elfu tisa, na samaki alinunua yeye, na hela hazitoki mpaka salio lifike dola kumi, na zikitoka kuna makato.

"Na leo?" nikamuuliza.

Tulipiga hesabu ya leo pamoja. Tangu asubuhi mpaka alasiri, tukitoa bando, tukikisia kwamba zote zitakubaliwa, alikuwa amepata kama elfu nne. Kibarua wa palizi anapata zaidi ya hiyo na bado analishwa.

Mabula alifika jasho linamtoka, hela kwenye bahasha. Ni mtu muungwana. Alisalimia, akakaa, hakuharakisha neno. Balbina aliitazama ile bahasha kwa muda mrefu. Nilijua anachokiona, kwa sababu hata mimi nilikiona: kiti, meza, kivuli, na mgongo uliopumzika.

"Ndugu yangu Mabula, nisamehe," alisema. "Heka moja chukua. Moja nabaki nayo, ndiyo ninayoiweza."

Mabula akauliza kwa upole kama kazi ya simu imekufa. Balbina akasema haijafa, ataichora siku ambazo hana la kufanya, kama mtu anavyokwenda kibarua. Hataiweka mahali pa shamba mpaka aone hela zimeingia mkononi miezi kadhaa. Wakapatana, Mabula akahesabu nusu ya fedha, akaaga.

Nilitaka kumpongeza. Nilikuwa na methali tayari, usiache mbachao kwa msala upitao, na nilitaka kuisema kwa sauti ya ushindi kidogo, maana na mimi ni binadamu. Nikageuka, nikamkuta analia kimya kimya, simu imezimika mapajani.

"Wifi," alisema, "mimi nilitaka kazi ya kukaa tu."

Methali yangu nikaimeza. Nilimsogezea kiti changu chenye mto, nikasimama.