Barua Niliyoisahihisha

Nilikuwa nimeshaandika saba juu ya kumi na kuizungushia duara, ndipo mume wangu alipotoka bafuni akanikuta na daftari lake mapajani. Alisimama mlangoni, taulo begani, akaitazama kalamu nyekundu mkononi mwangu. Akaegemeza fimbo ukutani, akanyoosha mkono wa kushoto.

"Yangu," alisema.

Neno lilitoka bila kukwama, jambo ambalo mwaka ule lilikuwa nadra. Alilibana daftari kwapani akaingia nalo chumbani. Nilidhani amechukia maksi. Sikujua kwamba nilikuwa nimesahihisha ahadi za ndoa yangu.

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, na wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na sita ya chaki. Mtu wa aina yangu akiona sentensi iliyopinda mkono unamwasha. Mume wangu yeye ni mchora mabango. Mtaa mzima ulimwita Fundi, na nusu ya maduka ya mtaa huo yanajitambulisha kwa herufi alizozipaka yeye. Alikuwa msemaji. Mteja akija kuulizia bei ya ubao, ataondoka baada ya saa nzima akiwa amecheka, amekunywa chai na kusahau bei yenyewe. Mimi niliolewa na mdomo ule, sifichi.

Kiharusi kilimkuta kazini, brashi mkononi, akimalizia ubao wa kinyozi. Mstari wa herufi ya mwisho uliteremka hadi chini ya ubao, na hapo ndipo alipoangukia. Hospitali walituambia ukweli wote: upande wa kulia umelegea, na sehemu ya ubongo inayotafuta maneno imeumia. Akili yake ni ileile. Anaelewa kila kitu. Ila neno analijua na halioni, sawa na mtu anayepapasa ufunguo gizani ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Tulipewa dada wa mazoezi ya matamshi, binti mpole asiye na haraka ya kitu chochote. Alimfundisha Fundi kugonga goti kwa kidole cha kushoto, pigo moja kwa kila silabi, ili neno lipate njia. Alimpa daftari la kazi za nyumbani: jaza pengo, nakili, andika mambo matatu ya leo. Mimi alinipa kazi moja tu.

"Mama, akikwama, usimmalizie. Hesabu hadi kumi kimoyomoyo."

Nilikuwa nikifika tatu. Ningefanyaje? Neno nalijua, liko pale kwenye ncha ya ulimi wangu, na yeye jasho linamtoka. Siku moja nilimpeleka kwa kinyozi. Akasema, "Ndevu…" Nikamalizia, "Zote." Alitaka zipunguzwe. Alirudi nyumbani na kidevu kitupu, mtu ambaye sikuwahi kukiona kidevu chake tangu anichumbie, na kwa siku nzima hakunitazama. Nilipocheka, naye alicheka, basi nikadhani yameisha.

Na daftari nalo nikaliweka chini ya himaya yangu. Kila nikitoka shule nalisahihisha, naweka alama, naandika pembeni "Vizuri" au "Jitahidi". Naye kwa utani kila kazi aliianza kwa neno "Mwalimu," kana kwamba ananijibu darasani.

Wazo la kurudia viapo lilikuwa lake. Alinionyesha tarehe kwenye kalenda, miaka ishirini na miwili ya ndoa yetu, akaigonga kwa kidole mara mbili. "Tena," alisema. Tukamwendea karani aliyetufungisha ndoa, ambaye sasa alikuwa amestaafu na akiishi nyuma ya shule yetu. Nilimwuliza tutahitaji vyeti gani.

"Hakuna cheti wala sahihi," alisema. "Ndoa yenu haikukatika, naifunga vipi upya? Mimi nitawasimamisha tu mbele ya watu wenu. Siku ile mlirudia maneno ya serikali, nyote wawili mkitetemeka. Safari hii kila mtu aje na ya kwake. Yaandikeni, msitegemee kichwa. Ukurasa mmoja, usomeke kwa sauti. Na usiahidi usichokiweza, maana sasa mnajuana."

Mimi ya kwangu niliimaliza kwa nusu saa. Ya Fundi sikuiona ikianza, nikajisemea kwamba wifi yangu, dada yake mkubwa, atamwandikia. Basi nilipokuta daftari mezani, ukurasa uliojaa mwandiko wa kushoto unaoyumba, ukianza na "Mwalimu," mkono ukashika kalamu wenyewe. Nilijaza maneno aliyoyaruka. Nilipofika kwenye sentensi iliyosema "Sitakuahidi kupona," niliikata kwa mstari. Juu yake nikaandika: "Nitapona! Usikate tamaa."

Siku mbili Fundi hakugusa mazoezi. Siku ya tatu wifi alipiga simu kuniuliza kama ni kweli shughuli imevunjwa, maana kaka yake amemtumia ujumbe wa neno moja: Basi. Shughuli ilibakiza siku tisa. Nilikwenda kwa dada wa matamshi nikamweleza kwamba mgonjwa amegoma kwa sababu ya maksi.

"Ile haikuwa kazi yangu, mama. Ile ni barua yake. Ameifanyia kazi wiki tano. Kila sentensi tumeipima kwa pumzi yake, maneno yanayomkwamisha tumeyabadilisha. Moja tu alikataa kulibadilisha."

"Lipi?"

"Mwulize yeye."

Nilirudi kwa miguu ingawa ni mbali. Nilijiona mdogo. Mwaka mzima nilikuwa nimejisifu kwamba namhudumia, na kweli nilimhudumia, lakini hata woga wake niliukata kwa wino mwekundu kwa kuwa mimi ndiye sikuweza kuusoma. Sikutaka mume asiyepona. Nilitaka yule wa brashi na kicheko arudi, nami nilikuwa nikimdai huyu wa fimbo anirudishie.

Nilimkuta karakanani kwake, ameketi mbele ya ule ubao wa kinyozi ambao mwenyewe hajawahi kuja kuuchukua. Nilipiga magoti ili macho yetu yawe sawa.

"Nimekukosea," nilisema. "Sikujua ni barua, lakini hata ingekuwa kazi ya nyumbani, sentensi ile haikuwa yangu kuikata. Iandike upya. Sitaiona mpaka uisome."

Akafikiri. Kidole kikagonga goti.

"Ka-la-mu."

Nilitoa kalamu nyekundu kwenye mkoba nikampa. Aliitia mfukoni mwa shati, akapapasa mfuko kuhakikisha imo, na kwa mara ya kwanza baada ya siku tatu akatabasamu, upande mmoja kama kawaida yake mpya.

Tulisimama palepale karakanani. Walimu wenzangu walifagia, wakapanga viti vya kukodi, ubao wa kinyozi ukageuzwa uso ukutani. Walikuja watu kama thelathini: wifi, ambaye ndiye shahidi aliyetia sahihi siku ya kwanza, majirani, wateja wa zamani, dada wa matamshi kiti cha nyuma kabisa. Karani alivaa koti lake la kazini, linalombana sasa. Alisema mbele ya wote kwamba hatufungishi ndoa, tunaisikiliza. Tulivuana pete, akazishika kiganjani mwake. Mimi nilisoma ya kwangu kwanza, na sikumbuki hata sentensi moja.

Fundi alikataa kiti. Aliegemea meza yake ya rangi, karatasi akaiweka juu ya meza ili mkono wa kushoto ubaki huru kugonga. Alikuwa ameandika mistari mifupi, pumzi moja kila mstari, na nukta kubwa mahali pa kupumzika.

"Mwalimu. Siku ile niliapa. Afya na maradhi. Niliapa haraka. Sikujua nasema nini."

Watu walicheka kidogo. Alisubiri wamalize, yule msemaji wa zamani, anajua kabisa kicheko kinapewa nafasi gani.

"Mwaka huu wewe umenifunga vifungo vya shati. Umenikata kucha. Umesimama nje ya bafu, ukijifanya unatafuta taulo. Nilikuona."

Wifi alianza kulia pembeni yangu. Mimi sikulia, nilikuwa nikimsikiliza kwa mwili mzima.

"Si-ta-ku-a-hi-di…" Kidole kikaendelea kugonga, neno halikuja. "Sitakuahidi…"

Watu wanasikia mume anamwambia mke mbele yao kwamba hatamwahidi, na hajasema nini. Shingo yake ilikakamaa. Mimi neno nilikuwa nalo. Nililijua kuliko mtu yeyote mle ndani, nilishawahi kulikata. Nilimwona wifi akifungua mdomo amsaidie kaka yake kwa neno lolote litakalokuja, nikamshika kifundo cha mkono, nikakibana.

Nikahesabu. Nilifika kumi. Nikaendelea. Kumi na tatu, karani akaangalia viatu vyake. Kumi na sita, Fundi akaniangalia mimi, si kwa kuomba. Alikuwa akiangalia kama nitammalizia. Nilifunga mdomo nikamrudishia macho.

"Kupona," alisema.

Akavuta pumzi kwenye nukta yake.

"Sitakuahidi kupona. Hilo si langu. Nakuahidi mazoezi kila asubuhi. Sitatupa tena kikombe nikikasirika. Nikiogopa, nitakwambia. Ukichoka, sema. Sitadhani unaniacha. Na uningoje. Maneno yangu yanakuja."

Karani alitukabidhi pete. Nilimvisha yake katika mkono wa kulia uliolegea, kwa kuwa aliunyoosha huo, akiuinua kwa ule wa kushoto. Ya kwangu alinivisha peke yake. Ilianguka mara moja, ikaviringika chini ya meza ya rangi, na hakuna aliyeinama isipokuwa yeye. Alichukua muda wake. Tulimngoja wote thelathini, nami nilisimama pale nimenyoosha kidole, najivuna waziwazi, na kama kuna aliyeniona nikijivuna, na aniseme.

Siku hizi anafundisha vijana wawili kuchora herufi, kwa maneno machache na mkono wa kushoto. Anakwama bado. Ubao wa kinyozi haukuuzwa. Barua iko kwenye fremu chumbani, jinsi ilivyo, na maneno mawili aliyoyaruka yakiwa bado hayapo. Chini kabisa, kwenye kona, amechora duara kwa kalamu yangu nyekundu na kuliacha wazi.

Alinionyesha duara hilo jioni ileile, wageni walipokwisha kuondoka, akanirudishia kalamu.

"Ngapi?" aliuliza.

Niliishika muda mrefu, nikaifunika kifuniko chake, nikaiweka mezani. Duara halijaandikwa kitu mpaka leo.