Imebaki Sifuri

Kila Jumatatu Brent Halvorsen, mkuu wa ofisi yetu, alituletea donati. Alizipanga mezani chini ya ile skrini kubwa ya ukutani, akarudi nyuma hatua mbili, akaitazama skrini jinsi mtu anavyomtazama mtoto wake wa kwanza akihitimu. Skrini ilisema: Yamekaguliwa 100. Yamekamilika 0. Yamebaki 0. Yote kwa kijani.

"Mnaona?" alisema. "Maombi yamepungua. Watu wa Minnesota wametulia."

Watu wa Minnesota hawakuwa wametulia. Walikuwa wananipigia simu mimi. Naitwa Marlys Oyen, na kwa miaka ishirini na sita nimekaa dirisha la tatu la ofisi hii ya jimbo, hapa St. Paul, tunakotoa vibali vya watu wanaotaka kuhudumia wazee na wagonjwa. Mtu anaomba, anapigwa alama za vidole, rekodi zake zinakaguliwa, anapata kibali. Siku hizi ukaguzi unafanywa na programu inayoamka yenyewe kila siku saa sita mchana. Brent aliinunua, akaisifia mkutanoni, akapewa kibao cha kioo chenye jina lake. Kibao hicho hukifuta vumbi kwa tai yake. Nimemwona kwa macho yangu.

Jumatano ile alipiga tena Pa Nhia Vang. Ilikuwa mara yake ya tisa.

"Mama Marlys, ni mimi tena. Nisamehe."

"Usiombe radhi, mwanangu. Wamesemaje?"

"Nyumba ya wazee wamenisubiri wiki tano. Wanasema Ijumaa jioni ndiyo mwisho. Kiwandani kwa bata mzinga nilishaacha, na pale wameshapata mtu wa nafasi yangu. Nikikosa huku, sina huku wala kule."

Nikatazama mashine. Hakuna ombi linalosubiri, ilisema. Mashine imekula kiapo cha uongo.

Mimi nina daftari. Vijana wanalicheka, Brent aliwahi kuniuliza kama naandikia kwa unyoya wa bata. Kila anayelalamika namwandika jina na tarehe aliyoomba. Siku hiyo nikalisoma tangu juu mpaka chini, na nikaona kitu ambacho mtoto wa chekechea angekiona: wote waliolalamika waliomba baada ya tarehe tisa Februari. Hakuna hata mmoja wa kabla yake.

Nikaenda kwa Tanner Lindqvist, kijana anayeitunza programu. Alikuwa anakula supu mbele ya kompyuta.

"Jana programu ilikagua mangapi?"

"Mia."

"Juzi?"

"Mia."

"Wiki iliyopita?"

Akafungua. "Mia. Mia. Mia, mia, mia." Kijiko kikasimama njiani.

"Tanner, hata kanisani watu hawaji mia kamili kila Jumapili."

Alisoma programu yake dakika kumi, akazidi kuwa mwekundu. Kisha akanieleza, nami nitaeleza hivyo hivyo. Programu inaomba hazina ya kumbukumbu iipe maombi yanayosubiri, ya zamani kwanza. Hazina haitoi yote kwa pamoja. Inatoa ukurasa mmoja wa maombi mia, na chini yake inaandika kwamba kuna ukurasa mwingine, uombe. Ni kama mpishi anayekuletea sahani na kukuambia sufuriani kimebaki. Programu ilikula sahani, haikumsikiliza mpishi, ikaripoti kwamba chakula kimekwisha.

"Lakini ile sifuri inatoka wapi?" nikauliza.

"Inahesabu maombi iliyopewa, inatoa iliyosoma." Akafunika uso. "Mia toa mia."

"Na hiyo mnaiita hesabu."

"Miaka miwili ilifanya kazi, Bi. Oyen! Yaliyosubiri hayakuwahi kufika mia."

Sasa yalikuwa yamefika, na nilijua kwa nini. Kuna maombi yasiyo na alama za vidole, au alama zimetoka na ukungu. Programu huyatazama, huyaacha, kesho huyatazama tena. Sheria inatuambia yakipita siku thelathini tuyarudishe kwa barua, mwombaji ajue kinachopungua. Lakini yaliyorudishwa hutokea kwenye skrini kwa rangi nyekundu, na Brent hapendi nyekundu. Mwaka jana alitukataza. "Tuwape muda," alisema, kwa sauti ya huruma ambayo ingemtia mtu kichefuchefu. Basi yaliyokwama yakajikusanya mwanzoni mwa foleni, moja baada ya jingine, mpaka ukurasa wa kwanza wote ukawa wao. Nyuma yao kulikuwa na watu mia sita na arobaini waliokamilisha kila kitu au karibu kila kitu. Pa Nhia alikuwa wa mia na themanini na saba katika foleni yote.

Tulikwenda kwa Brent pamoja. Alisikiliza huku akitabasamu, kwa sababu hapa kwetu hata mtu akiungua hutabasamu kwanza.

"Kurekebisha ni mistari mingapi?"

"Minne," Tanner alisema. "Naweza leo."

"Hapana, hapana. Kuna kamati ya mabadiliko. Inakaa Jumanne ijayo."

"Kuna mtu anapoteza kazi Ijumaa," nikasema.

"Marlys, hatuwezi kuendesha jimbo kwa mtu mmoja."

"Ni mia sita na arobaini."

"Skrini inasema sifuri," akasema Brent, na Mungu ni shahidi wangu, aliinyooshea kidole.

Sikubishana. Nilirudi dirishani nikafanya hesabu ya darasa la tatu. Mia na themanini na saba toa mia ni themanini na saba. Nikirudisha themanini na saba katika yale yaliyokwama, foleni itasogea hatua themanini na saba, na Pa Nhia atakuwa mtu wa mwisho kwenye ukurasa wa kwanza. Kurudisha ni kazi yangu kisheria, na kila moja lilishapita siku thelathini. Sikuhitaji kamati. Nilihitaji kahawa.

Niliandika Alhamisi nzima na Ijumaa asubuhi. Barua themanini na saba: ndugu, alama zako za vidole hazikusomeka, njoo upigwe tena. Watu hao nao walikuwa wamengoja miezi bila kuambiwa neno. Nilimaliza saa sita kasoro dakika nne. Tanner alisimama nyuma yangu akitafuna kucha.

Saa sita na dakika tatu skrini ikabadilika. Yamekaguliwa 100. Yamekamilika 81. Yamebaki 0. Pembeni, kwa nyekundu: Yamerudishwa 87.

Nilimpigia mwenyewe kumwambia kibali chake kimetoka. Pa Nhia akalia, na mimi nikalia, mwanamke mzima wa Kinorwei, sisi tusiolia mbele za watu, katikati ya ofisi.

Jumatatu Brent alileta donati za aina mbili. Foleni ilikuwa imezibuka na vibali vilikuwa vinatoka, kwa hiyo alituambia uongozi umezaa matunda. Kisha aliniita ndani akanipa barua ya onyo kwa sababu ya ile nyekundu. Na kwa kuwa tatizo limekwisha, alisema, amelitoa kwenye ajenda ya kamati.

"Hukulimaliza," nikamwambia. "Umelisogeza. Yaliyokwama yatajaa tena."

"Skrini inasema sifuri, Marlys."

Sasa kila asubuhi Tanner ananihesabia yaliyokwama, nami naandika daftarini. Ijumaa ile yalibaki kumi na tisa. Leo ni thelathini na moja, na nimekatazwa kwa maandishi kuyarudisha. Nastaafu Juni. Jana nilimpa Tanner daftari.

"Nifanyeje nalo?" akauliza.

"Yaliyokwama yakifika mia," nikamwambia, "usiitazame skrini. Pokea simu."