Dele la Mama Adut

Nyawech alilipokea lile dele, birika la shaba la kahawa, kwa mikono miwili. Kabla hajalitazama alijua kuna kitu hakiko sawa. Lilikuwa zito mno.

"Hii si dele yangu," alisema Mama Adut, akiketi kwenye kigoda. "Wote wananiambia nimezeeka, macho yameisha. Maandishi ni yale yale, wanasema. Wewe je?"

Mama Adut alikuwa mjane kutoka Aweil, mwuza kahawa katika soko la kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Miezi minne iliyopita alimpa Ereng, mwenye duka la vitu vya kale kule Lodwar, lile dele la shaba alilorithi kwa mumewe, amtafutie mnunuzi, maana mjukuu wake alihitaji karo. Wiki hii Ereng alilirudisha akisema hakuna aliyelitaka. Sinia lake la shaba Mama Adut hakulitoa, kwa kuwa ndilo alilopangia vikombe kila siku.

Nyawech, mwanamke wa Malakal aliyefundishwa na baba yake kupaka bati ndani ya vyombo vya shaba, alilipeleka dele mlangoni penye jua. Mwaka uliopita ndiye aliyelipaka bati dele la Mama Adut. Alilisugua kwa mchanga na majivu, akalitia moto, akanyunyiza chumvi ya wahunzi inayofuka moshi mweupe, akayeyusha bati na kulisambaza kwa pamba. Bati la mkono huacha njia za pamba, hapa nene, pale jembamba. Ndani ya dele hili bati lilikuwa sawasawa kama rangi ya ukuta, hata kwenye pembe za mdomo ambako hakuna kidole kinachofika.

Akaligeuza kutafuta mshono. Dele la zamani hutengenezwa kwa bamba la shaba lililopigwa kwa nyundo, ncha zake zikakatwa meno, meno yakaumanishwa na kuunganishwa kwa lehemu ngumu inayotaka moto mkali. Hata ukilisugua miaka mia, mstari wa yale meno utauona, umepauka kuliko shaba iliyouzunguka. Hapa hapakuwa na mstari wowote.

Maandishi ya Kiarabu yalikuwepo, yale aliyoyajua, jina la tajiri aliyekuwa mwenye dele zamani, na mwaka. Nyawech alisoma shule za Kiarabu utotoni, hakuhitaji mkalimani. Lakini herufi zilikuwa zimevimba kingo kama sabuni iliyolowa, na ndani ya mifereji yake mlikuwa na vipele vidogo vidogo. Patasi haiachi vipele. Vipele huachwa na mchanga wa kalibu, ile ganda la umbo ambamo shaba iliyoyeyuka humiminwa.

"Macho yako hayana shida, Mama," alisema. "Wametumia lako kutengeneza kalibu, wakasubu hili. Lako bado analo Ereng."

Mama Adut hakulia. Aliuliza tu wanaondoka lini kwenda Lodwar.

Haikuwa rahisi hivyo. Mkimbizi hatoki kambini bila kibali. Nyawech alipanga foleni siku mbili kuomba kibali chao wawili, na kwenye fomu, mahali pa kuandika sababu ya safari, aliandika: kusoma dele. Karani alimwuliza kama hana sababu nyingine. Akasema hana. Majirani walimshauri aache, Ereng ni mtu wa pale, anajulikana na kila mtu, na yeye Nyawech ni mgeni ambaye karatasi yake inaisha baada ya siku tatu. Nyawech akawajibu kwamba siku tatu zinamtosha.

Lodwar walimwendea kwanza Asekon, msaidizi wa chifu, mwanamke wa Kiturkana mwenye sauti ya chini. Walisalimiana ejok, akasikiliza mpaka mwisho, akavaa viatu, akafuatana nao.

Duka la Ereng lilikuwa karibu na hoteli za wageni. Juu ya rafu ya kioo lilikaa dele moja lenye kikaratasi: Umani, karibu miaka mia saba. Mama Adut alishika mkono wa Nyawech alipoliona.

Ereng aliwakaribisha vizuri. Alisema madele haya yanafanana kama mbuzi wa zizi moja, yule mama amechanganyikiwa, na hilo la rafuni alilinunua kwa mfanyabiashara wa Lokichoggio. Kisha akamgeukia Nyawech.

"Wewe mama ni fundi wa sufuria. Haya ni mambo ya wataalamu."

Nyawech aliipa kisogo ile rafu, akamtazama Asekon.

"Usimpe nafasi ya kusema nimelitazama kwanza," alisema. "Nitasema yaliyomo, halafu ulishushe wewe. Mshono uko chini ya mkono wa kushikia, una meno sita, la tatu limevunjika ncha. Ndani, kwenye kitako, kuna kiraka cha shaba ukubwa wa kucha ya dole gumba. Nilikiunga mimi kwa bati tupu, bila risasi yenye sumu, kwa sababu watu wanakunywa humo. Nje kuna jina la Haji Bashiri na mwaka. Na chini kabisa, ndani ya duara la kitako, mtu asiye fundi amekwaruza kwa msumari herufi za Kizungu: Dut."

"Babu wa mume wangu," alisema Mama Adut. "Alimchungia huyo tajiri ng'ombe miaka sita. Akapewa hiyo alipoondoka."

Asekon alilishusha dele mwenyewe. Alihesabu meno kwa kucha, akafika sita, akarudi kwenye la tatu. Akamulika ndani kwa simu. Akaligeuza chini juu na kusoma, polepole, jina la mtu aliyekufa zamani.

Ereng alisema mtu yeyote aliyewahi kulishika angeyajua hayo.

"Ndiyo," alisema Nyawech. "Mimi nililishika, likiwa lake."

Mama Adut alifungua kitambaa, akaweka sinia juu ya meza. Katikati ya nakshi palikuwa na duara lililolika, pale dele lilipokaa na kuzungushwa miaka yote. Asekon akaliweka dele la rafuni juu yake, likakaa barabara. Akaweka lile zito, likabaki na nafasi ya unene wa ukucha. Nyawech alieleza kwamba shaba ikipoa kalibuni husinyaa, kwa hiyo nakala huwa ndogo kidogo kuliko mama yake.

"Na hicho kikaratasi kitoke," aliongeza. "Elfu moja mia tatu arobaini na moja iliyoandikwa pale ni mwaka wa Kiislamu. Ni kama miaka mia moja iliyopita, si mia saba. Tena huo ni mwaka ambao mwenye jina aliliandikisha. Herufi zimekata nakshi ambazo tayari zilikuwa zimechakaa, kwa hiyo dele lenyewe ni la zamani kuliko jina lake. Umani sijui umeitoa wapi. Pembeni pameandikwa kazi ya Omdurman, na huko si Umani."

Ereng alifuta uso. Akasema kwa sauti ndogo kwamba mama achukue lake, yaishe, nao wamrudishie lile jingine, maana lilimgharimu.

Asekon alisema halitaishia dukani, ataandika ripoti. Lakini Nyawech alikuwa ameshaketi sakafuni, dele zito likiwa limelala mapajani mwake, kichwa chini. Alitoa mfukoni patasi ndogo na nyundo.

"Acha, hiyo ni mali yangu," alisema Ereng.

"Ulimpa mama huyu ukasema ni yake," alisema Nyawech. "Mama, nichonge?"

"Chonga," alisema Mama Adut.

Nyundo iligonga kitako taratibu. Wapita njia wawili walisimama mlangoni, wakawa watano. Nyawech hakuinua kichwa mpaka alipomaliza, herufi kubwa, za kina, zisizoweza kusuguliwa zikaisha: NAKALA. Chini yake akaweka mwaka huu, na chini ya mwaka jina lake mwenyewe.

Akapuliza vumbi la shaba, akainuka, akaliweka juu ya rafu ya kioo, kitako kikiwaelekea watu.