Hita Juu ya Mlango

Torleif alikuwa fundi umeme. Alikuwa amefunga hita za kupasha vyumba joto katika nusu ya nyumba za mji wa Tynset, na hakuwahi kufunga hata moja karibu na dari. Hii ya chumba cha wageni, juu ya mlango, aliifunga kwa makusudi.

Mkewe, Gro, alimkuta bado yuko kwenye ngazi.

"Mbona umeipandisha huko?"

"Kitanda kinataka kukaa chini ya dirisha. Hita ilikuwa inabana."

"Lakini kwa wateja huwa unaziweka hapo hapo chini ya dirisha."

"Wateja hawana kitanda kama hiki," alisema Torleif. Hilo lilikuwa kweli, maana kitanda chenyewe kilikuwa cha ghorofa, cha wajukuu.

Mama yake Gro, Borghild, alikuwa anakuja kukaa wiki nzima kwa majaribio, mwezi wa Februari, wakati baridi ya huko ni kali kabisa. Akiridhika, angeuza nyumba yake na kuhamia kwao moja kwa moja. Gro alilitaka jambo hilo kwa moyo wote, kwa kuwa mama alikwisha kuanguka mara mbili huko kwake, peke yake. Torleif alikitaka chumba. Humo ndimo ilimokaa meza yake ya kutengenezea chambo cha manyoya cha kuvulia samaki, na isitoshe, tangu siku ya harusi Borghild hakuacha kumsahihisha jinsi anavyopanga kuni. Kumwambia Gro hapana hakuthubutu. Akaona afadhali hewa imsemee.

Hewa alikuwa anaijua vizuri. Ikipata joto hutanuka, ikawa nyepesi, ikapanda. Hita ikiwa chini ya dirisha, joto hupanda mbele ya kioo na kuizuia baridi inayoteremka hapo, halafu chumba kizima huzunguka: hewa ya moto juu, ikipoa inashuka, inarudi kwenye hita. Juu ya mlango, joto lingejikusanya darini na kutulia huko. Kidhibiti joto, kwa kuwa kimo ndani ya hita yenyewe, kingeona chumba kimeshapata joto na kuzima. Huku chini baridi ya kioo ingetambaa sakafuni bila wa kuisumbua, na katika nyumba ambayo viatu huvuliwa mlangoni, miguu ndiyo inayotoa uamuzi.

Borghild akaja na sanduku moja na soksi nyingi za sufu. Asubuhi ya kwanza alikuwa na pua nyekundu. Torleif akamsogezea jamu kwa upole ambao haukuwa kawaida yake.

"Umelala salama, Borghild?"

"Salama tu."

Asubuhi zilizofuata pua haikuwa nyekundu tena. Alikula mkate laini wa wafeli na jibini ya kahawia, akaongeza mwingine, akasema kuni za nje zimepangwa vibaya. Torleif akaanza kuingiwa na wasiwasi. Siku ya nne, Gro alipokwenda dukani, akagonga mlango wa chumba akaingia.

Sakafu ilimuuma nyayo. Borghild alikuwa juu, kwenye ghorofa ya kitanda, amekunja mikono ya sweta, anafuma.

"We Borghild! Umefikaje huko?"

"Kwa ngazi, mkwe."

"Utaanguka!"

"Labda. Ila huku kuna joto." Hakuacha kufuma. "Nimefanya kazi katika chumba cha baridi cha kiwanda cha maziwa mpaka nikastaafu. Mabomba ya kupozea yalipita darini, baridi ikateremka yenyewe mpaka siagi ya chini kabisa. Sikuona fundi aliyeyalaza sakafuni. Basi usiku wa kwanza nikajiuliza, huyu mkwe wangu mjinga? Nikajijibu, ana mambo yake, lakini ujinga hana."

Torleif akaurudishia mlango.

"Umemwambia Gro?"

"Nimwambie nini? Yeye anasema hita ilikuwa inabana kitanda." Akaweka ufumaji pembeni. "Ngoja nishuke, nisikuongeleshe huku nimekaa darini."

Akateremsha mguu mmoja. Soksi ikateleza kwenye kipago cha ngazi.

Torleif alimdaka kifundo cha mguu kabla hajafikiri. Kilikuwa chembamba kuliko mkono wake mwenyewe. Aliogopa, aliogopa kweli, na baada ya woga ikaja aibu, ikakaa.

"Shika bega langu," alisema. "Polepole."

Alipomfikisha chini alikwenda kuchukua bisibisi. Akaishusha hita, akairudisha chini ya dirisha, na ili ipate nafasi akakivuta kitanda hadi ukutani, mahali pa meza yake. Meza akaibeba akielekea mlangoni. Borghild alikaa kwenye kitanda cha chini, miguu imenyooshwa kuelekea hita, akimtazama.

"Unaipeleka wapi?"

"Ghalani."

"Ghalani si kuna baridi?"

"Nitafunga hita."

"Wapi?"

Torleif akaiweka meza chini.

"Chini, mama," alisema. Miaka yote alikuwa akimwita kwa jina tu, Borghild.