Mstari Alioukimbia Ummi

Baruapepe ya Ummi kwa mwandishi wa gazeti ilijaa salamu na historia ya kikundi chao cha Tiwi, na haikujibiwa. Sasa wanawake wa kikundi wakampa Chiku kazi ya kumwandikia upya, naye akasimama kuwasomea aliyoiandika:

"Nyavu zilizokuwa zikiwanasa kasa wa Tiwi sasa ni nyavu za magoli ya wasichana wetu. Jumamosi wanacheza fainali. Karibu ujionee."

Vigelegele vikapasuka. Ummi, aliyewafundisha wote kuzifuma upya nyavu hizo, roho ikamuuma. Vijisentensi vitatu tu, na wanamshangilia utadhani kafuma yeye! Akajitanda leso akatoka, Chiku angali anasoma. Simu akaizima wiki nzima, asije akasikia sifa za mtu.

Jumamosi jioni, mechi imekwisha, Chiku akabisha hodi.

"Dada Ummi, mwandishi ameniandikia. Amekupigia mpaka akachoka, akaiacha fainali yetu akaenda kutafuta habari Msambweni."

"Anipigie mimi? Kwa lipi?"

Chiku akamsomea mstari wa mwisho wa ile baruapepe aliyowasomea wanawake: "Kwa maelezo zaidi mpigie Ummi, fundi aliyetufundisha sote. Nambari yake hii hapa."